Hesabu Zilifungwa Lini?

Jamaa mmoja katika chama chetu cha kununua hisa, fundi wa friji anayependa hesabu kuliko sisi wote, alikuja mkutanoni na karatasi aliyoichora kwa rula. Juu ya safu alikuwa ameandika "Mwaka 2023", na chini yake kampuni mbili. Kenya Power: hasara ya shilingi bilioni 3.2. Kenya Airways: hasara ya shilingi bilioni 22.7.

"Mwaka ni mmoja na dola ni ile ile," akatuambia. "Basi hawa watu wa stima wamejua kujikinga."

Takwimu zake zote mbili zilikuwa sahihi. Kosa lilikuwa pale juu ya safu, kwenye ile 2023.

Kenya Power hufunga hesabu zake tarehe 30 Juni. Mwaka wake wa 2023 ulianza tarehe 1 Julai 2022 na kuisha Juni 2023. Kenya Airways hufunga tarehe 31 Desemba, kwa hiyo 2023 yake ni ile ya kalenda ya ukutani. Ukiipanga miaka hiyo miwili sambamba utaona inakutana kwa miezi sita tu, Januari hadi Juni. Nusu nyingine ya kila kampuni iko mahali ambapo mwenzake hayupo.

Hakuna ujanja hapo. Sheria inazitaka kampuni zifunge hesabu kila mwaka, lakini kampuni nyingi huachiwa zichague siku. Benki za Kenya zote hufunga tarehe 31 Desemba. Mashirika ya umma aghalabu hufuata bajeti ya serikali, inayoisha Juni. Safaricom hufunga tarehe 31 Machi kama ndugu zake wa Vodafone, na East African Breweries imekuwa ikifunga Juni kama Diageo, iliyoimiliki kwa miaka mingi. Kampuni mama inapounganisha vitabu vya watoto wake huona nafuu ikiwa wote wamefunga siku moja, na kanuni za kimataifa za uhasibu haziruhusu tarehe zao zipishane zaidi ya miezi mitatu.

Katika mwaka mtulivu, tofauti hiyo haisumbui sana. Kipindi alichokichora fundi wetu hakikuwa kitulivu hata kidogo. Mwisho wa Desemba 2022, dola moja ilikuwa takriban shilingi 123 za Kenya. Mwisho wa Machi 2023 ilifika 132, Juni ikawa 140, na Desemba 2023 ikagota 156. Januari 2024 ikavuka 160. Kisha, Februari, serikali ikauza hati fungani mpya ya dola bilioni 1.5 ili ianze kulipa lile deni la dola bilioni 2 lililokuwa likiiva Juni, na hofu ikashuka. Shilingi ikapanda kwa kasi ambayo wengi hatukuitarajia. Mwisho wa Machi 2024 dola ilikuwa imerudi 132, na mwisho wa Juni ilikuwa karibu 130.

Sasa tuchukue kampuni tatu za mfano. Kila moja inadaiwa dola milioni 100, mkopo wa miaka mingi, na katika kipindi hiki hakuna inayolipa hata senti ya deni lenyewe. Siku ya kufunga hesabu, mhasibu analazimika kuligeuza deni hilo kuwa shilingi kwa bei ya dola ya siku hiyo. Deni likiwa limenona kuliko mwaka uliopita, tofauti inaingia kwenye hesabu kama hasara. Likiwa limekonda, inaingia kama faida. Fedha haijatoka wala kuingia benki, lakini faida ya mwaka imeshabadilika.

Kampuni ya kwanza inafunga Desemba. Ilianza 2023 na deni la shilingi bilioni 12.3, ikamaliza na bilioni 15.6. Hasara yake ni bilioni 3.3.

Ya pili inafunga Machi. Machi 2023 deni lilikuwa bilioni 13.2, na Machi 2024 lilikuwa bilioni 13.2. Ukisoma vitabu vyake utadhani shilingi haikutikisika mwaka mzima. Ile safari yote ya kupanda hadi 160 na kurudi ilipita katikati, kama mvua iliyonyesha na kukauka usiku wakati mwenye nyumba amelala.

Ya tatu inafunga Juni. Ilianza na bilioni 14 na kumaliza na bilioni 13, ikaandika faida ya bilioni moja.

Deni ni lile lile, dola ni ile ile, na mameneja tuseme wana akili sawa. Mmoja anaitwa mbele ya wenye hisa kueleza hasara, mwingine anapigiwa makofi. Naamini makofi mengi ya namna hiyo hupigiwa kalenda.

Turudi kwenye karatasi ya fundi. Alipokuja mwaka uliofuata na safu ya 2024, Kenya Power ilikuwa na faida ya shilingi bilioni 30.1 na Kenya Airways faida ya bilioni 5.4, naye akaona nadharia yake imethibitika. Safari hii tulikaa naye mezani tukajaribu kuzileta kampuni zote mbili kwenye dirisha moja, yaani Januari hadi Desemba 2023.

Njia yake ni rahisi kuliko inavyosikika. Kampuni zilizoorodheshwa katika Soko la Hisa la Nairobi hutoa pia hesabu za nusu mwaka. Kwa kampuni inayofunga Juni, unachukua mwaka mzima ulioishia Juni 2023, unaongeza nusu iliyoishia Desemba 2023, halafu unatoa nusu iliyoishia Desemba 2022. Unaongeza miezi sita inayokosekana mbele na kuikata miezi sita iliyozidi nyuma. Kinachobaki ni Januari hadi Desemba.

Kwa Kenya Power hesabu ilikwenda hivi. Mwaka hadi Juni 2023 ulikuwa na hasara ya bilioni 3.2. Nusu iliyoishia Desemba 2023 ilikuwa na faida ndogo, shilingi milioni 319. Nusu iliyoishia Desemba 2022 ilikuwa na hasara ya bilioni 1.1, na hapa fundi alikwama kidogo, kwa sababu kuitoa hasara ni sawa na kuongeza. Ukipunguziwa deni, si umepata? Basi: hasara ya 3.2, ongeza 0.3, ongeza 1.1. Mwaka wa kalenda wa 2023 unaipa Kenya Power hasara isiyofika bilioni 2.

Kwa hiyo bado ilifanya vizuri kuliko Kenya Airways kwa tarakimu hizo, na fundi hakukosa kutukumbusha. Lakini lililojitokeza kando lilitushangaza zaidi. Ikiwa mwaka mzima hadi Juni 2024 ulileta bilioni 30.1, na nusu yake ya kwanza ilileta milioni 319 tu, basi karibu faida yote, bilioni 29 na ushei, iliingia kati ya Januari na Juni 2024. Ndiyo miezi ile ile dola ilipotoka 156 hadi 130. Mwenye kusoma "mwaka 2024" peke yake hawezi kuliona hilo.

Wapo wanaofupisha njia. Wanachukua nusu ya mwaka wa 2023 na nusu ya mwaka wa 2024, wanajumlisha, wanaita hiyo kalenda. Jaribu hapa: nusu ya hasara ya 3.2 na nusu ya faida ya 30.1 inakupa faida ya zaidi ya bilioni 13 kwa kalenda ya 2023. Hesabu za nusu mwaka zinatuonyesha hasara. Mgawanyo wa katikati huchukulia kwamba kila mwezi ulileta sawa na mwenzake, na hiyo yaweza kuwa kweli kwa kodi ya nyumba, si kwa kampuni yenye madeni ya dola katika mwaka kama ule.

Hata njia ndefu ina mipaka yake. Hesabu za nusu mwaka kwa kawaida hazijapitiwa na mkaguzi wa nje kwa ukamilifu, na mambo mengine mazito, kama kufuta madeni yasiyolipika au kupima upya thamani ya mitambo, mara nyingi husubiri kufungwa kwa mwaka. Kampuni nyingi zisizo sokoni hazitoi nusu mwaka kwa umma. Na kujumlisha na kutoa hufaa kwa mambo yanayotiririka, yaani mauzo, gharama na faida. Mizania, ile orodha ya mali na madeni, ni picha ya siku moja. Picha haijumlishwi. Ukitaka deni la Kenya Power la 31 Desemba, fungua mizania ya nusu mwaka ulisome hapo.

Picha hiyo nayo inategemea siku iliyopigwa. Mfikirie muuza mbolea wa Eldoret. Mwanzoni mwa mwaka, kabla ya mvua za masika, ghala lake limejaa na benki inamdai. Kufikia Juni mbolea iko mashambani, ghala ni tupu na mkopo umelipwa. Akifunga hesabu Juni ataonekana mtu asiye na madeni. Jirani yake mwenye biashara kama hiyo akifunga mwanzoni mwa mwaka ataonekana amezama.

Dola nayo haielezi kila kitu, na nisingependa msomaji aondoke na wazo hilo. Bei mpya za stima zilianza tarehe 1 Aprili 2023. Mwaka wa Kenya Power ulioishia Juni 2023 ulionja bei hizo kwa miezi mitatu, na uliofuata ukazila miezi yote kumi na miwili. Hapo pia tarehe imekata katikati ya jambo.

Jina la mwaka lenyewe halitoshi. Marekani, duka kubwa la Walmart lilifunga tarehe 31 Januari 2024 na kuuita mwaka huo 2024. Mshindani wake Target alifunga tarehe 3 Februari 2024, miezi karibu ile ile, akauita 2023. Anayepanga safu kwa jina atawalinganisha Walmart na Target kwa tofauti ya mwaka mzima bila kujua. Kwa hiyo katika ripoti yoyote lipite jalada, utafute maneno "kwa mwaka ulioishia", na uandike tarehe yote kwenye safu yako. Angalia pia ni miezi mingapi, maana kampuni inapobadilisha tarehe hupatikana "mwaka" mfupi.

Kenya Airways ilifanya hivyo. Zamani ilikuwa ikifunga tarehe 31 Machi; ilipohamia Desemba ilitoa hesabu za miezi tisa, Aprili hadi Desemba 2017. Kama isingehama, mwaka wake ungeanza Aprili 2023 na dola ya 132 na kuisha Machi 2024 na dola ya 132, na sehemu kubwa ya hasara iliyotokana na kuandika upya madeni ya dola isingeonekana popote katika hesabu zake za mwaka.