Namba ya siri usiyoiweka wewe

Tuchukue mfano wa fundi cherehani wa Kariakoo ambaye oda zake zote huingia kwa WhatsApp. Jumatatu, saa nne asubuhi, anapata ujumbe kutoka kwa mteja wake wa siku nyingi: "Dada, samahani, nimekosea, kuna tarakimu sita zimekuja kwenye simu yako. Naomba unirushie." Na kweli, meseji yenye tarakimu sita imeshaingia. Anazirusha. Muda si mrefu WhatsApp yake inamtoa na kumwambia kwamba namba yake imesajiliwa kwenye simu nyingine. Aliyemwandikia hakuwa mteja. Akaunti ya mteja ilikuwa imeshatekwa kabla, kwa ujanja uleule.

Kufika adhuhuri, ndugu wanapiga simu. Mmoja anauliza mbona anaomba laki mbili kwa haraka, na kwa nini anataka zitumwe kwenye namba yenye jina la mtu mwingine. Ni ile "hela tuma kwenye namba hii" tunayoijua wote, safari hii ikiwa imevaa jina na picha yake.

Fundi anafanya lile ambalo mtu yeyote angefanya: anafungua WhatsApp, anaandika namba yake, anasubiri meseji, anaingiza tarakimu sita mpya. Hapo ndipo anapokwama. Ukurasa unaofuata unadai namba ya siri ya uthibitishaji wa hatua mbili, nayo ina tarakimu sita vilevile. Hajawahi kuiweka. Anajaribu tena zile za kwenye meseji, zinakataliwa. Anajaribu mwaka wake wa kuzaliwa, anajaribu namba ya siri ya M-Pesa, na kila akikosea anaongezewa muda wa kungoja. Kufanana kwa idadi ya tarakimu kunawachanganya wengi, lakini hizi ni namba mbili tofauti kabisa. Ya kwanza hutumwa na WhatsApp kwenye laini yako kila unapojisajili. Ya pili huwekwa na mwenye akaunti mwenyewe, ndani ya mipangilio, na inakaa hadi atakapoibadilisha. WhatsApp iliieneza kinga hii kwa watumiaji wake wote mwaka 2017. Aliyeiweka kwenye akaunti ya fundi wetu ni tapeli, mara tu alipoingia, kwa sababu fundi alikuwa ameiacha wazi.

Jambo ambalo watu wengi hawalijui ni kwamba kwa wakati huu tapeli ameshatoka. WhatsApp inasema wazi katika maelezo yake kuhusu akaunti zilizoibwa: ukiingiza tarakimu sita zilizokuja kwa meseji, aliyekuwa akitumia akaunti yako anatolewa, uwe unaijua namba ya siri au huijui. Fundi anautazama ukurasa uliomkatalia na kuamini kwamba mwizi bado yuko ndani akizungumza na wateja wake. Sivyo. Wote wawili wako nje.

Wanaoijua VICOBA watalielewa hili upesi. Sanduku la kikundi lina kufuli zaidi ya moja, na funguo zinashikwa na watu tofauti. Tapeli anayo namba ya siri, lakini akitaka kuingia upya lazima apate tarakimu za meseji, na hizo zinaingia kwenye laini ya fundi. Fundi anazo tarakimu za meseji, lakini hana namba ya siri. Hakuna anayefungua peke yake.

Ndiyo maana ushauri wa "usijisumbue, ameshaiweka namba yake ya siri" unaumiza. Anayeusikiliza akaacha kuingiza tarakimu za meseji anamwachia mwizi akaunti nzima, na kila saa inayopita ni ndugu mwingine anayeombwa pesa. Cha kwanza, kabla ya kuomba msaada popote, ni kujisajili upya kwa namba yako, hata kama unajua utakwama ukurasa wa pili.

Kwenye ukurasa huo kuna maneno "Forgot PIN?". Kama akaunti ilikuwa na barua pepe ya kurejesha, kiungo cha kubadilisha namba ya siri kitatumwa huko. Kwa fundi wetu njia hii haisaidii: yeye hakuwahi kuweka barua pepe, na kama tapeli ameweka ya kwake, kiungo kitakwenda kwake. Inabaki njia moja tu, kusubiri siku 7. Zikipita, WhatsApp inamruhusu aliyeithibitisha laini aingie bila namba ile ya siri na kuweka mpya.

Kwa nini siku saba, na kwa nini hakuna mtu wa kumpigia simu akazifupisha? Mtambo hauwezi kujua nani ni fundi na nani ni tapeli. Unachokiona ni mtu mwenye laini na mtu mwenye namba ya siri. Geuza kisa: tapeli amekwenda kwa wakala mla rushwa, amepata laini mbadala yenye namba yako, na sasa meseji zako zote zinaingia kwake. Hapo mwenye namba ya siri ni wewe, na mwenye laini ni mwizi. Siku zile saba ndizo zinazokupa nafasi ya kwenda kwenye kampuni ya simu na kitambulisho chako na kuirudisha laini kabla hajaingia. Kanuni inayomkera fundi leo iliwekwa kwa ajili ya mtu wa aina hiyo. Wakitunukiwa njia ya mkato walioporwa kweli, matapeli wangeijua kabla yao. Mimi naona kanuni hii ni ya haki, ingawa siku saba bila oda kwa mtu wa kipato cha kila siku si jambo dogo.

Katika siku hizo saba kuna mambo ya kuangalia. Tapeli akijaribu kurudi, tarakimu mpya zitaingia kwenye simu ya fundi bila yeye kuziomba. Hiyo ni dalili kwamba mtu bado anagonga, na pia ni uthibitisho kwamba hajaingia. Kwa kawaida kitakachofuata ni simu ya mtu anayejiita wa huduma kwa wateja, au ujumbe wa mtu anayedai ni mtaalamu wa kurejesha akaunti kwa elfu thelathini. Wote wanatafuta kitu kimoja, zile tarakimu za meseji. Akiwapa, tapeli anakuwa na funguo zote mbili. Wapo pia wanaodai fidia ili waitoe namba ya siri. Kulipa ni kununua kitu ambacho wiki moja itakupa bure.

Jingine ni kuelekezwa kwa simu. Tarakimu za usajili zinaweza kuombwa kwa meseji au kwa simu inayozisoma kwa sauti, na matapeli wengine humshawishi mtu abonyeze alama fulani zinazohamishia simu zake kwenye namba yao. Fundi akague kwa kubonyeza:

```
*#21#
```

Akikuta simu zake zinaelekezwa kwa namba asiyoijua, afute uelekezaji wote:

```
##002#
```

Asipofanya hivyo, tapeli anaweza kuomba asomewe tarakimu, akasomewa, huku simu ya fundi ikiwa kimya mezani.

Asiifute WhatsApp kwenye simu yake kwa hasira, maana mazungumzo ya zamani yamehifadhiwa humo. Tapeli, kwa kusajili tu namba kwenye simu nyingine, hakuyaona. Aliona makundi ambayo fundi ni mwanachama na ujumbe ulioingia wakati yuko ndani. Kwa hiyo wa kuonywa kwanza ni wale wa kwenye makundi: kikoba, familia, shule ya watoto. Aonye kwa kupiga simu au kwa meseji ya kawaida. Tanzania, meseji za kitapeli zinaripotiwa kwa namba 15040, na ukibonyeza *106# unaweza kuona kama kuna laini nyingine zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako.

Jumatatu inayofuata anafungua tena. Huenda akaombwa kuthibitisha laini yake upya. Akishaingia, anaweka namba yake ya siri pamoja na barua pepe yake, kisha anafungua orodha ya vifaa vilivyounganishwa na kuondoa kila kompyuta au simu asiyoitambua.

Hiyo barua pepe sasa inastahili kuangaliwa, kwa sababu nayo hutekwa kwa njia hiyohiyo: mwizi anaingia, anawasha uthibitishaji wa hatua mbili kwa simu yake, anabadilisha namba na barua pepe za kurejesha. Kwa Google, siku saba zinafanya kazi kinyume kabisa. Namba au barua pepe ya kurejesha ikibadilishwa, Google inaweza kukuruhusu kwa siku 7 kupokea tarakimu za uthibitisho kwenye ile ya zamani. Kwa hiyo kwa WhatsApp unavumilia siku saba, lakini kwa Gmail unakimbizana nazo. Anayesubiri wikendi ipite ndipo ashughulikie anaweza kukuta dirisha limefungwa, na hapo kazi ya kuthibitisha kwamba yeye ni yeye inakuwa ngumu zaidi. Fungua ukurasa wa kurejesha akaunti siku ileile, kwa simu au kompyuta uliyozoea kuitumia, ukiwa mahali unapoitumia kila siku, iwe nyumbani au kazini. Google huzihesabu alama hizo. Kukimbilia kwa rafiki kwenye mtandao wenye kasi kunaweza kukupunguzia nafasi. Nywila ya zamani unayoikumbuka nayo ina uzito, hata kama mwizi ameshaibadilisha.

Instagram inafuata njia nyingine tena. Barua pepe yako ikibadilishwa, ile ya zamani hupata taarifa kutoka security@mail.instagram.com, na ndani yake kunaweza kuwa na kiungo cha kukataa badiliko hilo. Hicho kikishindikana, unaweza kuombwa video ya uso wako ukigeuza kichwa huku na huku, ilinganishwe na picha zilizopo kwenye akaunti. Hapa fundi wetu angekwama kwa sababu nyingine: ukurasa wake wa biashara una picha za magauni ya vitenge tu, na hakuna hata moja yenye uso wake. Uthibitisho huo wa video ni kwa akaunti zenye picha za mwenyewe. Ukurasa wa duka unabaki kutegemea barua pepe na namba ya simu uliyojisajilia, na ndiyo maana Gmail inashughulikiwa kwanza, kabla ya Instagram, na wakati wa kuingoja WhatsApp.