Picha ya sofa imekuvutia mtandaoni? Ikate kwanza, kisha itafute ilikotoka

Ukurasa mmoja wa Instagram umeweka picha ya sofa ya kijivu. Bei Sh680,000, na chini yake muuzaji ameandika: "Tanguliza nusu, mzigo unakufikia popote ulipo." Duka halina anwani, na komenti zimefungwa. Picha yenyewe haipakuliki, hivyo mnunuzi anafanya kile ambacho wengi hufanya: anapiga skrinshoti.

Kwa skrinshoti hiyo moja, mnunuzi ana nafasi nzuri ya kujua kama sofa ilipigwa picha dukani kwa muuzaji au imechukuliwa kwenye tovuti ya kiwanda cha nje. Ni kazi ya dakika chache na simu inatosha. Ila kuna jambo moja ambalo watu hulisahau, nalo ndilo linaloharibu majibu: skrinshoti si picha ya sofa. Ni picha ya skrini ya simu.

Kwa nini skrinshoti huleta majibu ya ajabu

Angalia vizuri kilichomo kwenye skrinshoti. Juu kuna saa, mtandao na chaji. Kuna jina la ukurasa, alama ya moyo, maelezo ya bei na pengine namba ya simu. Sofa yenyewe inaweza kuwa nusu tu ya picha nzima.

Zana za kutafuta kwa picha, kama Google Lens, hazijui mnunuzi anataka nini. Zinachukua maumbo, rangi na mistari iliyomo kwenye picha, zinaigeuza kuwa namba, kisha zinalinganisha namba hizo na za picha ambazo tayari zimekusanywa kutoka mtandaoni. Zikipewa skrinshoti nzima, zinaweza kuleta picha za kurasa nyingine za Instagram, kwa sababu hicho ndicho zilichokiona.

Ndiyo maana hatua ya kwanza ni kukata. Kukata kuna faida nyingine pia: picha inayotafutwa hivi hutumwa kwenye kompyuta za kampuni yenye zana hiyo. Kama skrinshoti ina meseji, majina au namba za watu, vyote hivyo vinakwenda nayo.

Hatua kwa hatua

1. Fungua skrinshoti kwenye galari ya simu, bonyeza alama ya kuhariri, kisha kata. Ondoa saa, jina la ukurasa na maandishi yote. Hifadhi kama nakala mpya, ile ya mwanzo usiifute. Ina jina la ukurasa na bei, na ndiyo ushahidi wako mambo yakiharibika.

2. Fungua programu ya Google, iwe kwenye Android au iPhone. Ndani ya kisanduku cha kutafutia kuna alama ya kamera. Ibonyeze, kisha chagua ile picha uliyoikata. Wanaotumia Google Photos wanaweza kufungua picha na kubonyeza alama ya Lens.

3. Picha ikifunguka, utaona pembe nyeupe zimezunguka sehemu fulani. Hapo Lens inakisia unachotaka. Ikikosea, zivute hizo pembe kwa kidole mpaka zizunguke kitu unachokitafuta.

4. Shuka chini usome majibu. Ukiona sehemu iliyoandikwa "Exact matches", ifungue. Hapo ndipo huwekwa kurasa zenye picha ile ile.

"Inayofanana" si "ile ile"

Hapa ndipo wengi wanapojichanganya. Lens ikiletewa sofa ya kijivu, kwanza hujitahidi kuonyesha sofa nyingine za kijivu. Hilo linamfaa anayetafuta bidhaa ya aina hiyo au anayelinganisha bei. Halimsaidii anayetaka kujua picha ilitoka wapi.

Ili kujua kama picha ni ile ile, acha kuangalia sofa, angalia vitu vidogo. Je, mto wa kushoto umekunjika vilevile? Kivuli cha mguu wa meza kimeangukia pale pale? Kiwanda kinaweza kutengeneza sofa elfu moja zinazofanana, lakini kivuli na mkunjo wa kitambaa havijirudii sawasawa mara mbili.

Turudi kwa mnunuzi wetu. Anakata mara ya kwanza na kubakiza sofa peke yake. Majibu yanakuja mengi, yote sofa za kijivu, na hakuna la maana. Anakata upya, safari hii anaacha chumba kizima: sofa, pazia, zulia na taa ya pembeni. Sasa inatokea picha ile ile kwenye tovuti ya wauzaji wa jumla kama Alibaba, ikiwa kubwa na safi zaidi, na upande wa kulia kuna dirisha ambalo kwenye picha ya muuzaji halimo.

Dirisha hilo ni dalili nzito. Kwa kawaida picha iliyokatwa haizai picha pana zaidi yake. Mara nyingi mwenye picha pana yuko karibu zaidi na chanzo kuliko mwenye kipande.

Akikuza picha, anaona pia soketi ya ukutani. Tanzania na Kenya soketi za kawaida zina matundu matatu ya mstatili. Hii ina matundu membamba, mawili yamelala mshazari, aina inayotumika China. Chumba hicho hakiko Kariakoo.

Je, muuzaji ni tapeli? Bado haijathibitika. Wafanyabiashara wengi huagiza mzigo China na kutumia picha za kiwanda kutangaza, na mzigo unafika kweli. Kilichothibitika ni kimoja: picha hiyo haionyeshi sofa iliyopo dukani kwake.

Papa wa barabarani: kata tofauti, jibu tofauti

Mfano maarufu wa picha iliyodanganya watu unaonyesha kwa nini sehemu unayoikata ni muhimu. Agosti 2017, kimbunga Harvey kilipofurisha jiji la Houston, Marekani, ilisambaa picha iliyopigwa kama kutoka ndani ya gari, ikionyesha papa akiogelea kwenye barabara iliyojaa maji.

Ukiitafuta picha nzima, unakuta ilishasambaa mwaka 2011, wakati huo ikidaiwa ni Puerto Rico baada ya kimbunga Irene. Hilo peke yake linatosha kuonyesha kwamba si ya Houston mwaka 2017. Lakini bado huna chanzo, una uongo wa zamani zaidi tu.

Ukikata na kumbakiza papa peke yake, njia inabadilika. Unafika kwenye picha ya mpigapicha Thomas Peschak, aliyoipiga katika bahari ya Afrika Kusini: papa mweupe anamfuata mtu aliyekaa kwenye mtumbwi mdogo wa njano. Picha hiyo ilichapishwa kwenye jarida la Africa Geographic mwaka 2005. Kuna mtu alimtoa papa humo na kumbandika barabarani.

Kwa hiyo, picha nzima ikishakupa jibu la kwanza, usiishie hapo. Kata kitu kikuu utafute, kisha kata mandhari ya nyuma utafute. Picha ya kubandikwa huwa na chanzo zaidi ya kimoja, na kila kipande kina njia yake.

Nani aliiweka kwanza?

Picha ikitokea kwenye kurasa ishirini, swali linakuwa ipi ilitangulia. Hapo inafaa zana nyingine inayoitwa TinEye, inayofunguka kwenye kivinjari cha simu kwa anwani hii:

```
tineye.com
```

TinEye haitafuti vitu vinavyofanana. Inatafuta nakala za picha ile ile, hata kama imepunguzwa ukubwa au kukatwa. Majibu yakitoka, unaweza kuyapanga kwa kuchagua "Oldest" ili ya zamani yaje juu, au "Biggest image" ili picha kubwa zaidi itangulie.

Tarehe uzisome kwa tahadhari. Tarehe ya TinEye ni siku zana hiyo ilipoiona picha mtandaoni, si siku kamera ilipopigwa. Na tarehe ya ukurasa wa habari inaweza kuwa ya miaka ya nyuma wakati picha iliongezwa baadaye. Unachoweza kusema kwa uhakika ni kwamba picha ilikuwepo tayari kufikia siku fulani. Kwa kawaida hilo linatosha: picha iliyoonekana 2019 haiwezi kuwa ya ajali ya jana.

Ukikosa jibu kabisa

Zana hizi huona kile tu zilichoweza kukikusanya. Statasi na magrupu ya WhatsApp hazifikiwi, na posti nyingi za Instagram na Facebook hazimo. Picha inayozunguka huko tu haitatokea popote, hata kama imeibwa. Kwa hiyo kukosa majibu si ushahidi kwamba picha ni halisi.

Kabla ya kukata tamaa, jaribu mambo mawili. Kwanza, igeuze picha kushoto-kulia kwa kitufe cha kuhariri, kisha itafute tena. Wanaoiba picha huzigeuza makusudi ili zisipatikane. Ukiona maandishi kwenye picha yanasomeka kinyume, kama kwenye kioo, ujue imegeuzwa. Pili, jaribu zana nyingine, kwa mfano Bing au Yandex, kwa kuwa kila moja ina mkusanyiko wake.

Pia, usipige skrinshoti ya skrinshoti. Kila mara picha inapopita mkononi mwa mwingine hupungua ubora, na vitu vidogo kama soketi na mikunjo ndivyo vinavyopotea mapema.

Kabla ya kutuma pesa

Akishapata chanzo, mnunuzi wa sofa ana ombi moja tu la kumpelekea muuzaji inboksi: picha mpya ya sofa hiyo kutoka upande wa nyuma, ikiwa na karatasi juu yake iliyoandikwa kwa mkono jina la mnunuzi na tarehe ya leo.

Mwenye sofa dukani ataipiga dakika hiyo hiyo. Anayeagiza mzigo atasema wazi kwamba haujafika, na hapo mtajadiliana malipo baada ya kuuona. Akijibu kwamba "mteja unasumbua, wenzako wanalipia", Sh340,000 zibaki kwenye simu.