Mzaha ukianguka mbele ya wakwe

Mwaka uliopita kijana mmoja wa Beni alifika kwetu Butembo kujitambulisha. Alimtaka mdogo wangu. Walikuwa wamejuana kwa miezi minne, na mazungumzo yao mengi yalikuwa ya telefone, maana yeye anafanya kazi kule na mdogo wangu anashona nguo hapa. Siku hiyo alikuja pamoja na mjomba wake na rafiki mmoja. Tulipika fufu, sombe na nyama ya mbuzi. Baba alikuwako, baba mdogo, shangazi wawili na nyanya yetu.

Baba mdogo alimuuliza juu ya kazi yake, naye akajibu vizuri. Kisha watu wakanyamaza kidogo, kama inavyokuwa siku za namna hiyo. Kijana akaona afadhali avunje kimya. Akasema: «Tunajua watu wa Butembo ni wafanyabiashara. Basi mutuambie, mbuzi wa mahari munahesabu kwa bei ya jumla ama ya rejareja?»

Rafiki yake alicheka. Baba akakohoa. Shangazi mkubwa akaangalia sahani yake, na mjomba wa kijana akaanza kusifu sombe. Nyanya peke yake ndiye aliyetabasamu.

Wageni walipokwisha kuenda, shangazi alisema: «Huyu anafikiri binti yetu ni mfuko wa mchele.» Usiku mdogo wangu alikuja kwangu akiwa na machozi. «Yaya,» akasema, «hata mimi sikucheka. Kama sasa hivi kinachomchekesha yeye hakinichekeshi mimi, tutaishi namna gani miaka yote?»

Sikumjibu mara moja. Lakini kesho yake asubuhi niliona jambo lililonifikirisha. Nyanya alikuwa anamenya viazi nje, akayarudia yale maneno, «ya jumla ama ya rejareja», akacheka mpaka kisu kikamwanguka. Na sisi sote tuliokuwa pale tukacheka, hata shangazi. Mzaha ulikuwa uleule, maneno yaleyale. Kilichobadilika ni mtu aliyeyasema.

Nyanya ana ruhusa. Mtoto wangu wa kiume wa miaka sita anamwita «bwana yangu», na kila siku anamuuliza nyama ya bibi yake iko wapi. Hakuna anayekasirika, maana kati ya nyanya na mjukuu mlango wa mzaha uko wazi tangu zamani. Kati ya shemeji pia uko wazi. Lakini kati ya kijana na wazazi wa binti umefungwa, zaidi siku ya kwanza, na zaidi sana juu ya mahari, kwa sababu hapo heshima ya jamaa nzima iko mezani. Kijana wetu hakukosa akili ya kuchekesha. Aliingia kwa mlango usio wake.

Ndugu zetu wa Tanzania wamelipanga jambo hili wazi kuliko sisi. Wana kitu kinachoitwa utani, na hawana maana ya mzaha wowote tu. Ni ruhusa kati ya kabila na kabila. Wahehe na Wangoni walipigana vita vikali kati ya miaka ya 1878 na 1882, na leo ni watani: Mngoni anaweza kumtukana Mhehe mbele ya watu kwamba anakula mbwa, na Mhehe atacheka na kumrudishia lingine. Hata kwenye kilio, mtani anaweza kufanya vichekesho karibu na maiti, na wafiwa wanamvumilia, tena anawasaidia kupumua. Lakini mtu asiye mtani akilisema neno lilelile, ni matusi kabisa. Kwa hiyo mtu akisikia mzaha anauliza kwanza, hata bila kujua kwamba anauliza: huyu ni nani kwangu?

Hapa ndipo uhusiano mpya unapokuwa mgumu. Watu wawili wanaoanza kujuana hawajui bado ni milango gani iko wazi. Kila mmoja amekuja na milango ya nyumbani kwao, na anafikiri ndiyo ya dunia nzima.

Mdogo wangu naye alilijua hilo kwa uchungu. Majuma mawili baada ya ziara ile, kijana aliahidi kupiga telefone jioni, asipige mpaka kesho yake. Mdogo wangu akamwandikia: «Nilifikiri wamekubeba. Nilianza kutafuta bwana mwingine.» Akaweka na picha ndogo za kucheka. Kati yake na mabinti wenzake anaoshona nao, neno hilo linasemwa kila mara mtu akichelewa. Ni namna yao ya kuipunguza hofu.

Kijana alisoma, asijibu siku mbili. Mdogo wangu hakujua kwamba mtoto wa baba yake mkubwa alikamatwa shambani upande wa Oicha, na hajarudi mpaka leo. Mama, munajua wenyewe watu wa Beni wamepita katika nini tangu Oktoba 2014. Nyumba nyingi kule zina jina moja ambalo halitajwi wakati wa kula.

Hapo nilimshauri mambo mawili. La kwanza, asiandike tena, apige telefone, kwa maana maandishi hayana sauti wala uso, na mzaha ulioanguka hauinuliwi kwa maandishi. La pili, asijitetee. Akapiga. Akasema: «Nilisema neno baya. Sikujua. Niambie habari yake.» Walizungumza karibu saa nzima. Mwishoni kijana akamwambia: «Hata sisi tunacheka juu ya mambo hayo. Lakini kwetu, anayeanza ni yule aliyepoteza mtu. Wengine wanamfuata.» Hiyo ni kanuni, na nzuri. Mdogo wangu hangeweza kuisoma mahali popote. Aliijua kwa sababu mzaha wake ulianguka na yeye akauliza.

Basi, kutofautiana katika vichekesho kunadhuru uhusiano mpya ama hapana? Mwalimu mmoja wa chuo kikuu cha Kansas huko Amerika, Jeffrey Hall, mwaka 2017 alikusanya pamoja tafiti 39 zilizohusu watu zaidi ya 15,000. Alitaka kujua vichekesho vina kazi gani kati ya watu wanaopendana. Aliona kwamba mtu kuwa mchekeshaji hakuongezi sana furaha ya nyumba. Kinachoongeza ni mizaha ambayo wawili wanaijenga pamoja. Na kinachoharibu ni mizaha ya kushusha mwenzio.

Mwingine, Robert Provine, alifanya kazi ambayo hata mimi na wanafunzi wangu tungeweza kuifanya sokoni. Yeye na wasaidizi wake walisikiliza watu wakicheka mahali pa wazi, vicheko 1,200, na kila mara wakaandika neno lililotangulia kicheko. Waliona kwamba vicheko vilivyofuata kitu kinachofanana na mzaha havikufika 20 kwa 100. Vingine vyote vilifuata maneno ya kawaida kabisa, kama «mimi ninaenda» ama «unaona huyu!» Watu hucheka hasa kwa sababu wako pamoja na wamestarehe.

Maana yake, usimpime mchumba, mkwe ama rafiki mpya kwa mizaha yake ya kwanza. Siku ya kwanza mtu ana woga, na woga unachagua maneno vibaya. Pima jambo linalofuata: mzaha ukianguka, sentensi inayokuja nyuma yake ni ipi?

Kijana wetu aliporudi mara ya pili, alimkuta shangazi mkubwa amekaa kivulini. Akapiga magoti kidogo, akasema: «Mama, neno langu la mbuzi halikuwa na heshima. Nilikuwa na woga.» Hakusema «nilikuwa ninacheza tu.» Shangazi akamwangalia muda mrefu, halafu akajibu: «Woga tuliuona. Ulimwaga hata supu.» Baba akacheka, kijana akacheka, na ndipo kwa mara ya kwanza nyumba yote ilicheka pamoja naye. Hakuna aliyekuwa ametunga mzaha.

Lakini nisiwadanganye. Kuna upande mwingine. Mama mmoja ninayemfahamu, wakati wa uchumba, alikuwa anachekwa na mchumba wake mbele ya rafiki kwa sababu ya Kifaransa chake. Alimwambia kwa upole, wakiwa wawili tu, kwamba inamuumiza. Jibu lilikuwa: «Wewe haujui kucheka.» Juma lililofuata mzaha ulirudi, mkubwa zaidi. Baada ya ndoa ulihamia kwenye mwili wake, kisha kwenye jamaa yake. Hapo hakukuwa na tofauti ya vichekesho. Mtu alikwisha kujua mahali penye kidonda, akaendelea kupagonga.

Tofauti kati ya vijana hawa wawili haikuonekana katika mzaha wa kwanza. Wote wawili walikosea. Ilionekana baada ya kuambiwa. Mmoja alihama, mwingine alirudi palepale. Ukimwambia mtu mara moja naye akasahau, mwambie tena. Ukimwambia mara ya pili, naye akakuambia kosa ni lako kwa kuwa haucheki, hapo uwe na mashaka makubwa.

Na namna ya kuambia ina kazi yake. «Hauchekeshi» ni neno la kumshusha, naye atajitetea. Afadhali kutaja neno lenyewe, mkiwa peke yenu: «Lile neno juu ya mbuzi liliniumiza, kwa sababu jamaa walisikia unanipimia bei.» Tena tusicheke kwa uongo ili kumpendeza mgeni. Mabinti wengi wanafanya hivyo. Mtu akiona umecheka, anajua mlango uko wazi, na kesho ataupita tena. Kutabasamu kidogo na kuanza habari nyingine kunatosha siku ya kwanza. Kumwambia ukweli kunaweza kungoja siku ya pili.

Mdogo wangu anaishi Beni sasa. Bado anasema mizaha ya bwana yake ni mirefu mno, na yeye anasema za bibi yake hazina mwisho wa kueleweka. Lakini nikipiga telefone jioni, ninawasikia wakicheka juu ya kuku wa jirani anayetagia ndani ya kiatu.

Na siku ya mahari, wazee walipokuwa wanahesabu mbuzi kwa uso mkavu, ni nyanya aliyesimama na kuuliza kwa sauti: «Hii ni bei ya jumla ama ya rejareja?» Jamaa zote mbili zilicheka. Kijana peke yake aliangalia chini. Alikuwa amejifunza mlango ule ni wa nani.