Omu Nne au Robo?

Swali lenyewe ni la kawaida katika karatasi za mazoezi ya fizikia sekondari. Betri ya volti 12 imeungwa na rezista ya omu 4. Baada ya hapo waya unagawanyika njia mbili: moja ina rezista ya omu 6, nyingine ya omu 12. Njia hizo zinakutana tena na kurudi kwenye betri. Tafuta ukinzani wa jumla, mkondo, na volteji ya kila rezista.

Anza kwenye zile mbili zilizo sambamba. Zenyewe hazijumlishwi moja kwa moja kama zingekuwa kwenye mfululizo, kwa sababu njia ya pili ni kama mlango wa pili ukumbini: umeme unapita kwa wepesi zaidi. Kinachojumlishwa ni vipindu vyake:

1/R = 1/6 + 1/12 = 3/12 = 1/4

Wengi hukwama hapa. Wanaona robo, wanaandika omu 0.25, wanaendelea. Walimu hufundisha kwamba jibu la sambamba lazima liwe dogo kuliko rezista ndogo kabisa, lakini kipimo hicho hakimkamati mkosaji, maana 0.25 ni ndogo kuliko 6. Kuna kipimo kikali zaidi: rezista zikiwa mbili, jibu haliwezi kushuka chini ya nusu ya ile ndogo. Hapa basi lazima liwe kati ya 3 na 6. Na anayeandika vizio kila hatua angeshtuka mapema, kwa kuwa ile robo ni ya 1/Ω, si ya Ω. Ipindue: R = 4 Ω.

Sasa zimebaki omu 4 na omu 4 kwenye mfululizo. Jumla ni 8 Ω, na kwa kanuni ya Omu:

I = V/R = 12 V ÷ 8 Ω = 1.5 A

Mkondo huo wote unapita kwenye rezista ya kwanza, hivyo volteji yake ni 1.5 A × 4 Ω = 6 V. Zinabaki 6 V, na rezista zote mbili za sambamba zinapata hizohizo 6 V bila kugawana. Wanaogawana ni mikondo: 6 V ÷ 6 Ω = 1 A, na 6 V ÷ 12 Ω = 0.5 A. Jumla 1.5 A, hesabu imefunga. Aliyeweka volti 12 nzima kwenye ile ya omu 6 angepata 2 A, tawi lenye mkondo mwingi kuliko betri inayotoa!

Ukiijenga saketi hii maabara, usishangae amita ikisoma pungufu kidogo. Betri nayo ina ukinzani wake wa ndani, ambao karatasi imeupuuza. Ukiwa omu 0.5, jumla inakuwa 8.5 Ω na mkondo unashuka hadi takriban 1.41 A.