Mtendaji Kwanza, Kitenzi Baadaye

Mi hermana y yo ____ (tener) hambre, pero ella no ____ (querer) comer.

Ndivyo zoezi la Kihispania la kujaza nafasi linavyokuwa: kitenzi kiko kwenye mabano kama kilivyo katika kamusi, nawe ukipe umbo linalomfaa mtendaji. Sentensi hii inasema dada yangu na mimi tuna njaa, lakini yeye hataki kula.

Sisi humtaja mtendaji mwanzoni mwa kitenzi: ninasema, unasema, wanasema. Kihispania humpeleka mwishoni: hablo, hablas, hablan. Kwa hiyo usikiguse kitenzi kabla hujajua nani anatenda. Wengi huona neno hermana wakakimbilia tiene, umbo la yeye. Lakini dada yangu na mimi ni sisi, yaani nosotros. Mtego mwingine ni la gente: maana yake watu, lakini kisarufi ni umoja, hivyo la gente habla. Naye usted, wewe wa heshima, huchukua umbo la yeye.

Nafsi ikishajulikana, kata -ar, -er au -ir. Hablar hutoa hablo, hablas, habla, hablamos, habláis, hablan. Comer hutoa como, comes, come, comemos, coméis, comen. Vitenzi vya -ir hufuata comer, isipokuwa kwa sisi na ninyi: vivimos, vivís.

Basi nafasi ya kwanza ni tenemos. Mbona basi tener huitwa kitenzi kisicho cha kawaida? Kwa sababu mimi ni tengo, wewe ni tienes, yeye ni tiene. Siri iko kwenye mkazo wa sauti. Tamka quiero, quieres, quiere, quieren: mkazo unaangukia shina, na ile e ya querer inageuka ie. Katika queremos na queréis mkazo umehamia mwishoni, e ikabaki salama. Poder hufanya vivyo hivyo kwa o: puedo, lakini podemos. Si kila kitenzi chenye e au o hugeuka, ndiyo maana comer ni como tu. Vinavyogeuka hujifunzwa kimoja kimoja. Ile g ya tengo ni ya mimi peke yake, kama ilivyo kwa hago na salgo.

Ser na ir hazina njia ya mkato, ni kukariri: soy, eres, es, somos, sois, son, voy, vas, va, vamos, vais, van. Ajabu ni kwamba ir, ukiiondoa voy, inafuata miisho ya -ar.

Nafasi ya pili ni ya ella, yeye: quiere. Comer iliyo mbele yake usiiguse. Anayeandika no quiere come amemtaja mtendaji mara mbili, kama mtu aliyesema hataki anakula.