Nyota Nne na Kipande: Namna ya Kupata Namba Zilizofichwa Kwenye Picha

Taa za sola, feni na simu siku hizi hunadiwa kwa picha moja ya jedwali inayozunguka kwenye makundi ya WhatsApp. Kushoto yamepangwa majina ya bidhaa. Kulia kuna nyota za manjano, tiki za kijani na viduara vilivyojaa nusu. Jicho huelewa upesi. Lakini mwenye duka anayetaka kuzipanga bidhaa zote kuanzia bora hadi hafifu, au mwanafunzi anayetaka kuziingiza kwenye Excel, hakuti namba yoyote ya kunakili. Programu za kusoma maandishi ndani ya picha nazo hazifiki mbali hapa. Zimetengenezwa kutambua herufi na tarakimu, kwa hiyo safu ya nyota mara nyingi hutoka kama herufi zisizo na maana, au haitoki kabisa. Inabidi kupima.

Nyota ndizo zinazoonekana rahisi kuliko alama zote, na humo ndimo makosa mengi hujificha. Nyota nzima hata mtoto atazihesabu. Shida iko kwenye ile ya mwisho, iliyojaa rangi kipande tu.

Tuchukue mfano wa safu ya nyota tano. Kila nyota ina upana wa pikseli 20, na kati ya nyota na nyota kuna nafasi ya pikseli 4. Safu nzima basi ina pikseli 116: nyota tano zinachukua 100, nafasi nne zinachukua 16. Nyota nne za kwanza zimejaa manjano, na ya tano imejaa pikseli 6 tu kutoka kushoto. Manjano inaishia kwenye pikseli ya 102. Vipimo hivi havidai mtaalamu. Ukifungua picha kwa Paint na kupeleka kielekezi mahali rangi inapoishia, namba ya pikseli husomeka chini ya dirisha.

Je, bidhaa hiyo imepata ngapi? Kwa picha hiyo hiyo moja yanapatikana majibu matatu.

Wapo wanaohesabu kiasi cha rangi: eneo la manjano linagawanywa kwa eneo la nyota nzima. Njia hii inashawishi, kumbe umbo la nyota linaipotosha. Nyota yenye ncha tano ni nyembamba pembeni na nene katikati, hivyo ukikata asilimia 30 ya upana wake kutoka kushoto unapata kama asilimia 15 tu ya eneo lake. Jibu linakuwa 4.15. Kosa hili lina ujanja wake: kwenye nusu kamili, upana na eneo vinalingana, kwa sababu pande mbili za nyota zinafanana. Aliyejaribu njia hiyo kwenye nyota nusu pekee ataiamini, kisha itamwangusha kwenye vipande vingine vyote.

Wengine hupima safu nzima kwa pamoja. Pikseli 102 zikigawanywa kwa 116, kisha zikazidishwa kwa 5, zinatoa 4.4. Na wapo wanaoipima nyota ya mwisho peke yake: pikseli 6 kati ya 20 ni 0.3, jumla 4.3.

Aliye sahihi hutegemea mchoraji. Tovuti nyingi huchora nyota kwa tabaka mbili, la kijivu chini na la manjano juu, kisha tabaka la juu hukatwa kwa asilimia ya upana wote, nafasi zilizo kati ya nyota zikiwemo. Kwa mchoro wa namna hiyo, alama 4.3 ni asilimia 86 ya safu, na manjano huishia karibu na pikseli ya 100. Wachoraji wengine hujaza kila nyota kivyake, na hapo alama ile ile huishia kwenye pikseli ya 102. Kwa bahati, majedwali mengi huwa na angalau mstari mmoja ulioandikwa namba kando ya nyota zake. Mstari huo ndio wa kuanza nao. Ukishaonyesha mchoraji alitumia njia ipi, mingine yote hupimwa kwa njia hiyo.

Upimaji huo una mpaka wake. Nyota ikiwa na pikseli 20, pikseli moja ni sawa na 0.05 ya nyota, kwa hiyo kuandika 4.27 ni kudai usahihi ambao picha haina. WhatsApp nayo hubana picha, na kingo za rangi hufifia kwa pikseli mbili au tatu. Heri kumwomba mtumaji aitume upya kama dokumenti. Kuna pia majedwali ambayo hayaonyeshi kipande kingine ila nusu. Hiyo ni dalili kwamba alama zimekadiriwa kwenye nusu iliyo karibu, na nyota nne na nusu zinaweza kutokana na chochote kati ya 4.25 na 4.75.

Tiki hazipimwi, zinataka uamuzi. Tiki ni 1 na alama ya kosa ni 0, hapo hakuna ubishi. Kisanduku kitupu ndicho kinachoharibu hesabu. Mara nyingine maana yake ni "haina", mara nyingine ni "haikupimwa", na kistari huweza kumaanisha "haihusiki". Kuvijaza vyote sifuri ni kuihukumu bidhaa kwa jambo ambalo hakuna aliyelichunguza. Jedwali likiwa na alama za kosa mahali pengine, kisanduku kitupu hakipaswi kusomwa kama kosa, kiachwe wazi. Tiki ya kijivu, au yenye kinyota kidogo kando yake, isipewe namba mpaka maelezo ya chini ya picha yasomwe, kwani mara nyingi ni huduma inayopatikana kwa malipo ya ziada.

Viduara vinavyojaa robo kwa robo huitwa mipira ya Harvey, kwa jina la Harvey Poppel, mshauri wa kampuni ya Booz Allen Hamilton aliyevibuni miaka ya 1970. Kinyume na nyota, hapa kuhesabu eneo la rangi kunafaa, maana kiduara hukatwa kama vipande vya keki, na robo ya duara ni robo ya eneo. Ila mstari wa pembeni usihesabiwe. Kiduara kitupu chenye mzingo mweusi kina wino, na kompyuta isiyoonywa haitakipa sifuri.

Mwelekeo wa alama nao uangaliwe safu kwa safu. Nyota nyingi ni sifa, lakini alama nyingi za sarafu ni bei kubwa, na katika jedwali la kelele za jenereta vipaza sauti vitatu ni aibu. Na si kila nyota ni wastani wa maoni ya wateja. Kwenye lebo za umeme zinazobandikwa majokofu nchini Kenya, nyota ni daraja la ufanisi, kuanzia moja hadi tano. Haifai kuijumlisha na nyota za wanunuzi kisha kugawanya kwa mbili, hata kama zote mbili zimesimama pamoja kwenye picha moja.

Namba zikishaandikwa, kazi hukaguliwa kwa kuirudisha ilikotoka. Kutokana na kila namba hukokotolewa pikseli ambako manjano ingeishia, kisha hulinganishwa na picha. Mstari ambao tofauti yake inazidi pikseli mbili hupimwa tena, na mtu wa pili apewe visanduku vyote vya tiki avisome bila kuona majibu ya wa kwanza.