Kichwa Kimoja, Sekunde 20

Kinyozi wa Dar es Salaam anayetaka wateja wa simu aanze video na kichwa chenye nywele timtim, sekunde 3 tu, bila salamu. Kisha mashine ipande kutoka kisogoni, na kamera isogee hadi pale wembe unapochonga laini ya paji la uso. Ikae hapo sekunde 8, maana ndipo ufundi unapoonekana. Kichwa kilichokamilika kirekodiwe kwenye kiti kilekile, chini ya taa ileile. Taa ikibadilika, mtazamaji anahisi kachezewa, na ana haki. Mwisho ionekane simu: “Jumamosi saa 10 jioni kuna nafasi?” “Ipo, kaka. Niandike jina gani?” Namba ya WhatsApp ibaki mpaka isomeke.